Sauti Ilimwambia Achimbe

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mashekhe zangu, wazee wa mji, mama zangu na dada zangu mlioketi upande ule, na nyinyi vijana wa Mkomani na Langoni mlioniita hapa Ngomeni, Lamu, usiku huu, nawashukuru. Mliniomba nizungumze juu ya ndoto. Ndoto ni bahari, nami nimekuja na kidau. Nitapita mkondo mmoja tu: ndoto ambayo huoni mtu, huoni uso, huoni hata kivuli, lakini unasikia sauti inakwambia neno, na ukiamka neno lile bado limo masikioni.

Nitaanza na kisa cha jirani yangu. Ameniruhusu nikisimulie mradi nisimtaje jina.

Wao ni ndugu watano, yeye na kaka yake na dada watatu. Baba yao aliwaachia nyumba ya mawe, ya zamani, yenye daka na tekani na kiwanda, yaani ua wa ndani, na ghorofa moja juu anapoishi dada mmoja na wanawe. Mirathi haijagawanywa mpaka leo. Usiku mmoja jirani yangu aliota yuko gizani, na nyuma yake sauti ikasema: «Inuka ukatimbe.» Aligeuka, hakuona mtu. Usiku wa pili ikaja tena: «Tini ya ngazi.» Usiku wa tatu ikasema maneno mawili tu: «Ni chako.»

Usiku wa nne hakulala. Alichukua sululu na karai, akaanza kuchimba chini ya ngazi iliyo pale tekani, peke yake, bila kumwambia mtu. Alichimba siku tatu. Alipofika kina cha kifua chake alikuta vigae, kifusi cha matumbawe na ukuta wa chokaa wa birika la kale lililofukiwa. Hakukuta kingine. Siku ya tatu alasiri ukuta wa ngazi ukapasuka. Ufa ulianza chini, ukapanda mpaka kwenye boriti za chumba cha dada yake. Mafundi mliopo mnajua kwa nini. Ukuta wetu wa mawe na chokaa hauna chuma ndani. Unasimama kwa uzito wake na kwa udongo ulioushika mguuni. Ukiuondoa udongo ule upande mmoja, ukuta unakaa ukitafuta pa kulalia, na chokaa haijui kuvutwa, inajua kubebeshwa tu.

Nilipomuuliza, «Ndugu yangu, ni nini kilichokufanya?», hakusema ni tamaa. Alinijibu kwa heshima: «Mwalimu, nimesoma kitabuni kwamba hatifu hana tafsiri. Usikiavyo ndivyo.»

Jawabu lile lilinikaa moyoni, maana si la mtu mjinga. Limetoka kwenye vitabu kweli.

Hatifu ni neno la Kiarabu. Maana yake ni mwenye kuita, unamsikia na humuoni. Siku hizi Waarabu wameipa simu jina hilohilo. Katika vitabu vya tabiri vinavyouzwa hapa pwani imeandikwa kwamba ndoto za picha zina tafsiri: nyoka ni hiki, maji ni kile, jino likitoka ni habari hii. Lakini maneno ya hatifu, yawe ni amri au katazo au bishara au onyo, huchukuliwa kama yalivyosikika. Ukitafakari, kanuni hii ina mantiki yake. Picha ni fumbo, lazima ifumbuliwe. Neno limeshajisema. Sasa ulifumbue nini tena?

Tatizo ni kwamba wengi wakiona jina la Ibn Sirin juu ya jalada hudhani ni yeye aliyeandika. Muhammad bin Sirin wa Basra alifariki mwaka 110 wa Hijra. Alikuwa mcha Mungu na mwanachuoni wa Hadithi, na umahiri wake katika ndoto haubishaniwi. Lakini vitabu vinavyobeba jina lake vilikusanywa na watu wengine waliokuja nyuma yake sana. Na yeye mwenyewe, katika kisa maarufu kinachosimuliwa juu yake, alijiwa na watu wawili wenye ndoto moja. Kila mmoja alisema: nimeota ninaadhini. Wa kwanza akamwambia, utahiji. Wa pili akamwambia, wewe utakatwa mkono kwa wizi. Alipoulizwa, alieleza kwamba kwa wa kwanza aliona alama za wema, akaikumbuka Aya ya kutangaza Hija kwa watu. Kwa wa pili hakuziona, akaikumbuka Aya ya mtangazaji aliyewaita msafara wa ndugu zake Yusuf, «Hakika nyinyi ni wezi.» Neno la kutangaza katika Aya zote mbili kwa Kiarabu ni lilelile la adhana. Basi hata sauti hakuipokea hivihivi. Aliuliza imeingia katika sikio la nani.

Turudi kwa maneno matatu ya jirani yangu, maana yote niliyokuja kusema yamo humo. «Inuka ukatimbe» ni amri. «Tini ya ngazi» ni habari, yaani kuna kitu mahali fulani. «Ni chako» ni hukumu. Yeye aliyasikia kama kitu kimoja kwa sababu yametoka katika koo moja, ikiwa lilikuwapo koo. Wanavyuoni wameyatenganisha, na si wetu peke yetu.

Aliniambia pia, «Mbona Abdul-Muttalib alichimba?» Ni hoja nzuri, nayo nitaijibu kwa ukamilifu.

Babu yake Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa amelala katika Hijri, kando ya Al-Kaaba. Katika Sira amesimulia mwenyewe kwamba alijiwa na mwenye kuja. Hakusema ni nani wala ana sura gani. Usiku wa kwanza aliambiwa, «Chimba Tayba.» Akauliza, Tayba ni nini? Yule akaondoka. Usiku wa pili aliambiwa, «Chimba Barra.» Usiku wa tatu, «Chimba Al-Madhnuna.» Kila mara anauliza, na kila mara hapewi jibu. Usiku wa nne ndipo likatajwa jina la Zamzam, na alama zikatolewa: kati ya kinyesi na damu, pale anapodonoa kunguru mwenye bawa jeupe, penye kichuguu cha sisimizi. Asubuhi akaenda na mwanawe Harithi, ambaye ndiye mtoto pekee aliyekuwa naye wakati huo. Walichimba mchana kweupe, mbele ya Makuraishi, nao Makuraishi wakawapinga.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo watu huiruka. Humo kisimani hakukuta maji tu. Alikuta paa wawili wa dhahabu, na panga na deraya. Makuraishi wakasema, na sisi tuna fungu. Abdul-Muttalib hakuwajibu kwamba sauti imenipa mimi. Sauti ilimwonyesha mahali, haikumwambia mali ni ya nani. Akakubali kura. Vishale viwili viliwekwa kwa ajili ya Al-Kaaba, viwili kwa ajili yake, viwili kwa ajili ya Makuraishi. Paa wakaangukia Al-Kaaba, panga na deraya zikamwangukia yeye, Makuraishi hawakupata kitu. Naye dhahabu ile akaitoa kwa nyumba ya Mwenyezi Mungu. Hao walikuwa watu wa kabla ya Uislamu, hawana fikihi ya madhehebu, lakini walijua kwamba habari ni jambo moja na umiliki ni jambo jingine.

Karne nyingi baadaye likatokea suala ambalo vijana wa chuoni mnapaswa kulijua kwa moyo. Mtu mmoja alimwota Mtume, rehema na amani zimshukie, akimwambia: nenda mahali fulani, uchimbe, utakuta hazina, uichukue, wala huna juu yako khumsi. Khumsi ni sehemu moja katika tano, ndiyo zaka ya hazina iliyozikwa. Akaenda, akachimba, akaikuta. Ndoto ikawa kweli. Akawaendea wanavyuoni wa zama zake kuwauliza, na wapo waliomwambia usitoe, maana ndoto yako imethibiti. Izzuddin bin Abdis-Salam, mwanachuoni mkubwa wa Kishafii aliyefariki mwaka 660 wa Hijra, akasema: atatoa khumsi. Hoja yake ilikuwa fupi. Ndoto hii tukiipa daraja ya juu kabisa, itakuwa kama Hadithi moja sahihi. Nayo inapingana na iliyo sahihi zaidi, ile iliyomo katika Bukhari na Muslim kwamba katika hazina iliyozikwa mna khumsi. Iliyo na nguvu hutangulia.

Pimeni uzito wake. Mtu huyu hakusikia sauti tupu. Alimwona Mtume, na tunayo Hadithi kwamba shetani hawezi kujifananisha na sura yake. Na sauti ilimwambia kweli, kwa sababu hazina ilikuwapo. Pamoja na hayo yote hukumu haikubadilika hata kwa dirhamu moja. Ikiwa sura iliyo na dhamana haikuondoa khumsi, sauti isiyo na sura itamwondolea nani haki yake? Dhamana yenyewe imetajwa juu ya sura. Asiyeonekana hana hata hiyo.

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676, ambaye Minhaji yake ndiyo inayotufunza fikihi sisi Mashafii, ameueleza msingi wenyewe. Amesema: usiku wa thelathini wa Shaabani mwezi haukuonekana, na mtu akamwota Mtume akimwambia kesho ni Ramadhani, haifai kufunga kwa ndoto ile. Si kwamba anamtuhumu muotaji kwa uongo, wala hasemi ndoto ni ya shetani. Anasema msimulizi wa habari ya dini sharti awe macho, makini, asiwe mwenye kughafilika, na mtu aliyelala hana umakini huo. Dosari imo katika chombo kilichopokea. Ni kama barua ya kweli iliyolowa mvua. Huenda mwandishi ni mwaminifu, lakini wewe unasoma wino uliotawanyika. Kisha akaongeza jambo ambalo watu husahau kulinukuu: ndoto ikikuamuru jambo ambalo tayari ni sunna, au ikikukataza lililo haramu, ni vizuri kulifuata, kwa sababu hukumu yake ilikuwapo kabla hujalala.

Nilipokuwa nikitafuta kama wengine wana msimamo kama huu, nilikuta jambo lililonishangaza katika Talmudi ya Babeli, kitabu cha sheria cha Mayahudi kilichotangulia zama za Izzuddin kwa karne nyingi. Mtu mmoja alikuwa na dhiki juu ya fedha alizoachiwa na baba yake, hajui ziko wapi. Akajiwa usingizini na yule wanayemwita bwana wa ndoto. Akaambiwa kiasi chake, akaambiwa mahali pake, na akaambiwa kwamba ni fedha za fungu la kumi la pili, yaani zile zilizotakiwa zitumike kwa chakula Yerusalemu tu. Ilikuwa ni kama alivyoambiwa. Wanavyuoni wao wakaamua: maneno ya ndoto hayapandishi wala hayashushi. Fedha azitumie apendavyo.

Hapa pana tofauti ndogo tamu. Huku sauti ilitaka kumwondolea mtu wajibu, wanavyuoni wakaurudisha. Kule sauti ilitaka kumwongezea wajibu, wanavyuoni wakauondoa. Mmoja alitoka na hasara ya khumsi, mwengine alitoka na faida, na kanuni ni moja. Na hao nao hawakudharau ndoto, maana katika kitabu hichohicho wamesema ndoto ni sehemu moja katika sitini ya unabii. Sisi tunayo katika Bukhari kwamba ndoto njema ni sehemu moja katika arubaini na sita. Pande zote mbili zimeitukuza ndoto, na pande zote mbili zimeizuia mlangoni mwa kadhi.

Sheikh mmoja aliyekaa hapa mbele alinikumbusha jana, na alikuwa na haki: «Je, hukumbuki kuoshwa kwa Mtume?» Nakumbuka, na sitaki mtu atoke hapa akidhani nimelificha.

Bi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu zimfikie, ameeleza katika Hadithi iliyomo kwa Abu Dawud kwamba walipotaka kumwosha Mtume, mwaka wa 11 wa Hijra, walikhitilafiana. Tumvue nguo kama tunavyowavua maiti zetu, au tumwoshe akiwa na nguo zake? Mwenyezi Mungu akawatia usingizi, hata hakubaki mtu ila kidevu chake kiliinamia kifuani. Kisha msemaji akasema kutoka upande mmoja wa nyumba, wala hawamjui ni nani: mwosheni Mtume na nguo zake. Wakainuka, wakamwosha na kanzu yake, wanamimina maji juu ya kanzu na kumsugua kwa kanzu, si kwa mikono yao.

Hii ndiyo sauti isiyo na msemaji kwa sifa zake zote, na Masahaba waliifuata. Mimi huiangalia hivi. Kwanza, hawakulala mmoja, walilala wote, na waliamka na neno moja. Hakuna aliyehitaji kumwamini mwenzake. Pili, jambo lenyewe lilikuwa mezani kabla ya usingizi. Njia zote mbili zilikuwa zimetajwa na watu walio macho, na ile iliyochaguliwa ilikuwa ndiyo yenye stara zaidi. Tatu, hapakuwa na mtu aliyepokonywa kitu. Jirani yangu alisikia peke yake, akaambiwa jambo ambalo hakuna aliyekuwa akilijadili, na neno la mwisho lilichukua mafungu ya ndugu wanne.

Hata adhana yetu ilianza na ndoto. Abdullah bin Zaid aliota mtu mwenye nguo mbili za kijani akamfundisha matamko. Hakwenda kuadhini. Alikwenda kwa Mtume, Mtume akasema ni ndoto ya kweli inshallah, kisha akamwamuru amfundishe Bilal, kwa kuwa sauti ya Bilal ni nzuri zaidi. Adhana haikuwa sheria kwa sababu iliotwa. Ilikuwa sheria pale Mtume alipoikubali.

Nikivuka bara kidogo, nyuma ya Malindi, kwa ndugu zetu Wagiriama, naona wanauliza swali ambalo sisi hatuulizi. Sisi tunauliza: imesema nini, na je, inaafikiana na sheria? Wao huanza na: ni nani? Kwao mzee aliyekufa ni koma, na koma huja ndotoni akidai, pengine analalamika kwamba ana baridi, kwamba amesahauliwa. Ikiwa muotaji hakumtambua, sauti haifuatwi mpaka ipate mwenyewe. Mtu huenda kwa mganga wa mburuga ili ijulikane ni koma yupi na anataka nini. Ndipo familia hukaa, ndipo tembo la mnazi humwagwa, na akiwa alikuwa mzee wa Gohu, chama chao cha wazee, huenda akachongewa kigango. Mmeviona vigango katika majumba ya makumbusho, mbao ndefu zenye kichwa cha duara na michoro ya pembetatu. Vingi kati ya hivyo vilianza na mtu aliyesumbuliwa usingizini.

Mimi ni Muislamu na simwagi tembo. Lakini nasema kwa dhati kwamba katika jambo moja wanatushinda. Kwao ndoto ya namna hiyo haibaki kwa mtu mmoja na sululu yake. Ni lazima ipite kwenye kikao cha ukoo kabla mkono haujagusa ardhi. Laiti jirani yangu angewaita ndugu zake wanne, ufa usingefika kwenye boriti.

Niseme kidogo juu ya wataalamu wa usingizi. Mwaka 1996 ulichapishwa uchunguzi wa watu 4,972 wa Uingereza. Asilimia 37 walisema huwa wanaona, wanasikia au wanahisi vitu visivyokuwapo pale wanaposinzia, na asilimia 12.5 pale wanapoamka. Mpaka wa usingizi, basi, una kelele kwa watu wengi wazima wa akili. Na sikio halifungwi kama jicho. Mlio wa punda uchochoroni, au mwadhini wa msikiti wa pili, huingia ndotoni na kuvaa maneno mengine. Ndiyo maana ninapoulizwa na mtu aliyesikia sauti, huuliza kwanza: ulikuwa umelala kabisa, au ulikuwa unaelekea kulala, au unaamka? Kulikuwa na sauti gani nje? Kisha nauliza: ilisema kwa lafudhi ya nani?

Hilo la lafudhi nimejifunza kwa nafsi yangu. Mama yangu alipofariki, kama wiki sita baadaye, karibu na alfajiri, nilisikia jina langu likiitwa, mara moja, kwa jina la utotoni ambalo hakuna mwengine aliyelitumia. Niliitika «Labeka, mama,» nikaamka nimekaa kitako. Chumba kitupu. Sikumwona, na mpaka leo naijua sauti ile kuliko ninavyozijua sauti nyingi za walio hai. Mtume ametufundisha kwamba ndoto ni tatu: bishara itokayo kwa Mwenyezi Mungu, huzuni itokayo kwa shetani, na yale ambayo mtu anazungumza na nafsi yake. Nilijiuliza sana mwito ule ni upi kati ya hizo. Haukuniamuru kitu, haukunipa kitu. Nilimwombea dua, nikatoa sadaka kwa niaba yake. Hayo yalikuwa mema tangu kabla ya kulala.

Basi nilimuuliza jirani yangu, tukiwa tumeketi dakani na ufa ule uko juu yetu: sauti ilisema «chimba» au «timba»? Akasema «timba». Nikamuuliza, nyumbani kwenu ni nani aliyebaki akisema «timba»? Wanawe wanasema chimba, walimu wao wanasema chimba, yeye mwenyewe sokoni husema chimba. Akanyamaza. Dada yake, aliyekuwa amesimama ndani ya mlango akisikiliza, ndiye aliyejibu. Alisema baba yao, katika ule ugonjwa wake wa mwisho, alikuwa akilalamikia maji yanayorudi kiwandani kila masika, na alikuwa akisema birika la kale la chini ya ngazi lilizibwa vibaya, linafaa kutimbwa na kusafishwa. Kila aliyeingia kumtazama aliambiwa hivyo. Jirani yangu alikuwa ndiye anayemgeuza baba yake kitandani usiku.

Sidai kwamba nimeijua siri ya ndoto ile. Habari ilikuwa kweli, maana chini ya ngazi palikuwa na kitu. «Ni chako» ndiyo iliyoongezwa, na nadhani mnaelewa kwa nini mtu mwenye deni na mirathi isiyogawanywa angesikia neno hilo.

Na lau angekuta dhahabu? Sheikh atanisahihisha. Kwa Mashafii, hazina yenye khumsi ni ile iliyozikwa kabla ya Uislamu. Mali yenye alama za Uislamu, kama sarafu za masultani, si hazina ya namna hiyo. Inatafutiwa mwenyewe, na ndani ya nyumba ya urithi warithi ndio wa kwanza kuulizwa, wote watano. Juu ya hayo kuna Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006. Kitu cha kale kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895, kikiwa bado ardhini, ni cha Serikali, na anayekigundua anatakiwa kutoa taarifa. Na mji wetu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001. Kwa hiyo «ni chako» ilikuwa na wapinzani wengi kabla hata sululu haijainuliwa.

Ndugu walikaa kikao baada ya Isha, wote watano. Fundi aliegemeza boriti kwa nguzo za mikoko kwanza, kisha akajenga upya mguu wa ukuta kwa mawe na chokaa, bila saruji, maana saruji ingekuwa ngumu kuliko ukuta wenyewe na ingeupasua tena. Birika wamelizibua na kulisafisha. Masika haya maji hayakurudi kiwandani.

Jirani yangu ameniambia sauti ilikuja mara moja zaidi, mwezi wa Shaabani. Ilisema «Inuka,» na haikumaliza. Aliniambia alitema mate makavu kushoto mara tatu, akajikinga kwa Mwenyezi Mungu, akageuka ubavu wa pili, akalala mpaka adhana.